Mfuatano mrefu zaidi unaopanda kwa safu ya mikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwa watu wanaojifunza njia hii, kuanzia anayeisikia kwa mara ya kwanza hadi yule ambaye msimbo wake unapita majaribio kumi na kukwama kwenye la kumi na moja. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Misimbo imeandikwa kwa Python kwa sababu ni mifupi. Anayetumia C++ au Java ataona maelezo yake kwenye maswali ya 12, 13, 14 na 16.

## Msingi

1. Tunatafuta nini hasa?

Una orodha ya namba, tuseme 7, 2, 9, 4, 5, 3, 8, 1, 6. Unaruhusiwa kufuta namba zozote, lakini huruhusiwi kuhamisha hata moja. Zinazobaki lazima ziwe zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Swali ni hili: unaweza kubakisha namba nyingi kiasi gani?

Hapa jibu ni nne, kwa mfano 2, 4, 5, 8. Angalia kwamba namba hizo hazipakani kwenye orodha, kwani kati ya 2 na 4 kuna 9 tuliyoiruka. Wengi wanaokosea mwanzoni hutafuta kipande cha namba zilizopakana, na hilo ni tatizo jingine kabisa ambalo linahitaji kitanzi kimoja tu.

Katika ukurasa huu, "orodha" ni namba zote ulizopewa, na "mfuatano" ni zile ulizobakisha.

2. Nje ya mashindano ya programu, nani anaitumia?

Ukiwa umeandika ukurasa wa wavuti kwa Vue 3, umeitumia bila kujua. Orodha yenye funguo inapobadilika mpangilio, Vue inalazimika kuhamisha vipengele kwenye skrini, na kila uhamisho una gharama. Kwa hiyo inajiuliza ni vipengele vipi vinaweza kubaki palepale. Tuseme vilikuwa A, B, C, D, E na sasa vinatakiwa viwe C, A, B, E, D. Ukiandika nafasi za zamani kwa mpangilio mpya unapata 2, 0, 1, 4, 3. Mfuatano mrefu zaidi unaopanda hapo una urefu wa tatu, mfano 0, 1, 3. Vipengele hivyo vitatu (A, B na D) havisogezwi. Viwili vilivyobaki ndivyo vinavyohamishwa. Ndani ya Vue kazi hiyo hufanywa na kitendakazi kinachoitwa `getSequence`, na kinatumia njia hiihii ya safu ya mikia, ambayo swali la 4 linaieleza.

Mfano mwingine ni `git diff --patience`. Git huchukua mistari inayotokea mara moja tu katika kila faili kati ya mawili, kisha hutafuta mfuatano mrefu zaidi wa mistari hiyo ambao haukubadilika mpangilio. Jina hilo la patience limetoka kwenye mchezo wa karata wa mtu mmoja, na karata tutazikuta tena kwenye swali la 7.

3. Kwa nini nisitumie vitanzi viwili, kimoja ndani ya kingine?

Tumia, kama orodha yako ni fupi. Njia hiyo inasema: kwa kila namba, pitia zote zilizoitangulia, tafuta ndogo kuliko yenyewe ambayo mfuatano unaoishia hapo ni mrefu kuliko yote, kisha ongeza moja. Ni sahihi, na kwa namba elfu mbili au tatu hutaona tofauti yoyote.

Kwa namba 200,000 ulinganishaji unafika takriban bilioni 20. Hata Python ingefanya milioni kumi kwa sekunde, ungesubiri zaidi ya nusu saa. Kwa safu ya mikia, kila namba inahitaji ulinganishaji usiozidi 18, yaani jumla haizidi milioni 3.6. Kwa kweli huwa ni pungufu ya hapo, kwa sababu utafutaji haufanyiki ndani ya orodha nzima, unafanyika ndani ya safu ambayo urefu wake ni wa jibu lenyewe. Ukiichanganya ovyo orodha ya namba milioni moja tofauti, mfuatano mrefu zaidi huwa na urefu wa karibu 2√n, yaani kama 2,000, hivyo ulinganishaji 11 unatosha kwa kila namba.

## Safu ya mikia inavyofanya kazi

4. Safu ya mikia inahifadhi nini?

Jibu la swali hili ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo lisome polepole.

Ukiwa katikati ya orodha, kuna mifuatano mingi inayopanda ambayo ungeweza kuwa umeijenga. Ichukue yote yenye urefu wa moja, kisha yote yenye urefu wa mbili, na kuendelea. Katika kila kundi, angalia namba ya mwisho ya kila mfuatano, yaani mkia wake. Mkia mdogo kuliko yote katika kundi ndio unaohifadhiwa. Kwa hiyo `mikia[0]` ni mkia mdogo kabisa wa mfuatano wenye urefu wa moja, `mikia[1]` wa urefu wa mbili, na `mikia[k]` wa urefu wa k + 1.

Kwa nini mdogo? Kwa sababu mfuatano unaoishia na 4 unaweza kuendelezwa na kila namba ambayo ingeuendeleza ule unaoishia na 9, na zaidi ya hapo unapokea 5, 6, 7, 8 na 9. Kati ya mifuatano miwili ya urefu mmoja, wenye mkia mkubwa hauna kitu ambacho mwenzake hana. Tunauacha bila hasara.

5. Naomba mfano, hatua kwa hatua.

Tunatumia orodha ya swali la 1. Kila namba mpya inapokuja, tafuta kutoka kushoto mkia wa kwanza ambao si mdogo kuliko hiyo namba. Ukiupata, namba mpya inachukua nafasi yake. Usipoupata, namba inaongezwa mwishoni.

```
7  ->  [7]
2  ->  [2]
9  ->  [2, 9]
4  ->  [2, 4]
5  ->  [2, 4, 5]
3  ->  [2, 3, 5]
8  ->  [2, 3, 5, 8]
1  ->  [1, 3, 5, 8]
6  ->  [1, 3, 5, 6]
```

Simama kwenye mstari wa 4. Kabla yake mfuatano wa urefu wa mbili uliokuwepo ni 2, 9. Ilipofika 4, tukapata 2, 4, wenye urefu uleule na mkia mdogo. Urefu wa safu haukuongezeka, lakini bila badiliko hilo 5 isingepata pa kukaa mwishoni.

Sasa angalia mstari unaoanza na 1. Hapo `mikia[0]` inakuwa 1, lakini hakuna kingine kilichobadilika, na baada yake 6 haikuihitaji hiyo 1 kwa lolote. Namba nyingine huingia kwenye safu na kutoa faida baadaye, nyingine hukaa tu.

Urefu wa safu mwishoni ni 4, na hilo ndilo jibu.

6. Nina uhakika gani kwamba safu imepangika, hata niweze kutafuta kwa kugawa nusu?

Chukua `mikia[2]`. Ni mkia wa mfuatano fulani wenye namba tatu. Namba ya pili ya mfuatano huo ni ndogo kuliko mkia, na yenyewe inafunga mfuatano wa urefu wa mbili. Lakini `mikia[1]` ni mkia mdogo kabisa wa urefu wa mbili, hivyo hauwezi kuizidi hiyo namba ya pili. Kwa hiyo `mikia[1]` ni mdogo kuliko `mikia[2]`. Hoja hiyohiyo inashika kwa kila nafasi, na safu inapanda daima.

Kutokana na hapo, namba mpya x inaweza kugusa nafasi moja tu. Ili x ifunge mfuatano wa urefu wa k + 1, lazima `mikia[k-1]` iwe ndogo kuliko x. Ili iwe na maana kuiandika, lazima x iwe ndogo kuliko `mikia[k]`. Kwenye safu inayopanda hakuna zaidi ya nafasi moja inayotimiza masharti yote mawili, na kuipata ni kazi ya kugawa safu nusu kwa nusu.

7. Nikibadilisha namba katikati, siharibu mfuatano niliokwisha kuujenga?

Ungeuharibu kama safu ingekuwa mfuatano. Lakini siyo. Kila nafasi inazungumzia mfuatano wake yenyewe, na mifuatano hiyo inaweza kuwa haina hata namba moja ya pamoja.

Anayetaka kuona kwa macho kwamba urefu ni sahihi atumie karata. Badala ya kufuta namba ya zamani, weka mpya juu yake, kama marundo ya karata mezani. Orodha yetu inatoa marundo manne: la kwanza lina 7, 2, 1, la pili 9, 4, 3, la tatu 5 peke yake, la nne 8, 6. Kila rundo, kwa mpangilio wa kufika, linashuka. Sasa, mfuatano unaopanda hauwezi kuchukua karata mbili kutoka rundo moja, maana iliyofika baadaye ni ndogo. Kwa kuwa marundo ni manne, hakuna mfuatano unaopanda unaoweza kuzidi namba nne. Na kwa upande mwingine, kila karata ilipowekwa kwenye rundo la k, kulikuwa na karata ndogo zaidi juu ya rundo la k − 1, kwa hiyo kuna njia ya kurudi nyuma rundo kwa rundo hadi la kwanza. Mfuatano wa namba nne upo, wa tano hauwezekani.

8. Msimbo wenyewe ukoje?

```python
from bisect import bisect_left

def urefu(a):
    mikia = []
    for x in a:
        k = bisect_left(mikia, x)
        if k == len(mikia):
            mikia.append(x)
        else:
            mikia[k] = x
    return len(mikia)
```

`bisect_left` inarudisha nafasi ya kwanza ambayo thamani yake si ndogo kuliko x. Orodha ikiwa tupu, kitanzi hakizunguki na jibu ni 0, hivyo huhitaji sharti la ziada.

Kuna zawadi ndogo humu ambayo wengi huipita: k + 1 ni urefu wa mfuatano mrefu zaidi unaoishia na x hiyohiyo. Swali likikutaka jibu kwa kila nafasi ya orodha, hifadhi k + 1 kila mzunguko na umemaliza.

## Kuupata mfuatano, si urefu tu

9. Nimechapisha safu ya mikia na mhakiki ameikataa. Urefu ni sahihi, kasoro iko wapi?

Kwenye mfano wa swali la 5 safu iliishia [1, 3, 5, 6]. Inapanda vizuri na inavutia kuiamini. Rudi kwenye orodha: 1 ni ya nane, 3 ni ya sita, 5 ni ya tano. Hakuna namna ya kuzisoma kwa mpangilio huo kutoka kushoto kwenda kulia.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba mara nyingine safu huwa jibu sahihi kwa bahati, hasa kwenye mifano mifupi ya kwenye maelezo ya swali, na mtu hugundua akiwa amekwisha kutuma.

10. Basi nihifadhi nini ili niupate?

Vitu viwili. Kwanza, pamoja na kila mkia, hifadhi nafasi yake kwenye orodha. Pili, kila namba inapoingia, andika ni nani aliyekuwa kwenye nafasi ya k − 1 wakati huo. Huyo ndiye mtangulizi wake. Neno "wakati huo" lina uzito: baadaye nafasi ya k − 1 inaweza kubadilishwa na mwingine, lakini mtangulizi ulioandika haubadiliki.

```python
def mfuatano(a):
    mikia, nani, kabla = [], [], []
    for i, x in enumerate(a):
        k = bisect_left(mikia, x)
        kabla.append(nani[k-1] if k > 0 else -1)
        if k == len(mikia):
            mikia.append(x)
            nani.append(i)
        else:
            mikia[k] = x
            nani[k] = i
    jibu = []
    i = nani[-1] if nani else -1
    while i != -1:
        jibu.append(a[i])
        i = kabla[i]
    return jibu[::-1]
```

Tuufuate kwa orodha yetu, tukihesabu nafasi kuanzia 0. Mwishoni `nani` ni [7, 5, 4, 8]. Tunaanza na wa mwisho, nafasi ya 8, yenye namba 6. Ilipoingia, aliyekuwa kabla yake ni nafasi ya 4, namba 5. Ya 5 ilimkuta nafasi ya 3, namba 4. Ya 4 ilimkuta nafasi ya 1, namba 2. Ya 2 haikuwa na mtangulizi. Tukigeuza tunapata 2, 4, 5, 6, na huo kweli upo kwenye orodha. Ona kwamba 3 na 1, ambazo zimekaa kwenye safu ya mikia hadi mwisho, hazimo kabisa kwenye jibu.

Gharama ya ziada ni kumbukumbu: urefu peke yake unahitaji safu yenye ukubwa wa jibu, lakini kuurudisha mfuatano kunahitaji `kabla` kwa kila namba ya orodha.

11. Mfuatano ninaopata una namba moja zaidi ya urefu, na ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili. Nini kimetokea?

Karibu kila mara ni sharti la `k > 0`. Mtu huandika `nani[k-1]`, anapata hitilafu kwenye namba ya kwanza kabisa kwa sababu `nani` ni tupu, kisha anaziba kwa `nani[k-1] if nani else -1`. Hitilafu inatoweka na kosa linabaki. Kwenye Python, k ikiwa 0, `nani[-1]` ni kipengele cha mwisho, na lugha hailalamiki. Kwa orodha yetu, 2 inapewa 7 kuwa mtangulizi wake, na jibu linatoka 7, 2, 4, 5, 6. Dalili ndiyo hiyo: urefu umezidi kwa moja au zaidi, na mwanzo haupandi.

Ama swali linaloambatana na hili, la mifuatano kadhaa kulingana urefu: msimbo wa swali la 10 hukupa mmoja wenye mkia mdogo kabisa. Ndiyo maana tulipata 2, 4, 5, 6 badala ya 2, 4, 5, 8. Ukitakiwa kuhesabu ipo mingapi, safu ya mikia haitoshi, kwa sababu imetupa habari za mifuatano mingine. Hapo tumia mti wa Fenwick unaohifadhi urefu pamoja na idadi.

## Namba zinazojirudia na zinazoshuka

12. Nitumie `bisect_left` au `bisect_right`?

Jiulize kwanza kama namba mbili zinazolingana zinaruhusiwa kufuatana. Zisiporuhusiwa, tumia `bisect_left`. Zikiruhusiwa, tumia `bisect_right`. Kwa C++ ni `lower_bound` na `upper_bound`, kwa utaratibu huohuo.

Sababu inaonekana ukijaribu 3, 5, 5, 4, 5. Kwa `bisect_left`, 5 ya pili inaikuta 5 iliyopo na kuikalia, hakuna kilichoongezeka. Kisha 4 inaiondoa 5, na 5 ya mwisho inaongezwa: [3, 4, 5], urefu wa 3. Kwa `bisect_right`, 5 ya pili inairuka 5 iliyopo na kukaa baada yake: [3, 5, 5]. Halafu 4 inaifanya [3, 4, 5], na 5 ya mwisho inaongezwa tena: [3, 4, 5, 5], urefu wa 4. Mfuatano wenyewe ni 3, 5, 5, 5.

Ukitaka kipimo cha haraka, mpe msimbo wako 5, 5, 5. Jibu liwe 1 kwa kupanda kwa lazima, na 3 kwa kutoshuka. Sielewi kwa nini mifano mingi ya mafunzo hutumia namba zisizojirudia, ilhali hapa ndipo watu wengi huangukia.

13. Natumia Java. `Arrays.binarySearch` inafaa?

Kwa kupanda kwa lazima, inafaa. Isipopata namba inarudisha thamani hasi, yaani `-(nafasi) - 1`, kwa hiyo ikiwa hasi igeuze kwa `-(p + 1)`. Kumbuka pia kuipa mipaka, kuanzia 0 hadi urefu wa sasa, la sivyo itatafuta hadi kwenye sifuri zilizojaza sehemu isiyotumika.

Kwa kutoshuka, usiitumie. Safu sasa ina namba zinazojirudia, na Java haiahidi itakupa ipi kati ya zinazolingana. Unahitaji nafasi iliyo baada ya zote, hivyo andika utafutaji wako mwenyewe. Ni mistari sita au saba.

14. Nikitaka mrefu zaidi unaoshuka?

Geuza orodha iwe ya nyuma mbele na utumie msimbo uleule, kisha geuza jibu. Wengine hubadilisha alama, 7 ikawa −7. Hilo nalo ni sahihi kwa Python, lakini kwenye `int` ya biti 32 namba −2147483648 haina mwenzake chanya: kwenye Java inabaki ilivyo, kwenye C++ matokeo hayana dhamana.

## Pembeni, panaposumbua

15. Nina jozi, kama bahasha zenye upana na kimo, na kila bahasha iingie ndani ya nyingine. Inawezekana?

Inawezekana. Panga bahasha kwa upana kuanzia ndogo, kisha tafuta mfuatano mrefu zaidi unaopanda kwenye vimo. Mtego uko kwa bahasha zenye upana sawa. Chukua (3, 4) na (3, 6). Haziingiliani, maana upana ni mmoja. Ukipanga vimo vyake kwa kupanda, utaona 4 kisha 6, na msimbo utahesabu mbili. Kwa hiyo zenye upana sawa zipangwe kwa kimo kinachoshuka: 6 kisha 4, na hazitachaguliwa zote mbili kamwe.

```python
b.sort(key=lambda t: (t[0], -t[1]))
```

Ukiongeza kipimo cha tatu, ujanja huu unaisha. Baada ya kupanga kwa kimoja, vinabaki viwili vya kulinganisha, na jozi hazina mstari mmoja wa mpangilio ambao utafutaji wa kugawa nusu unaweza kuutegemea. Hilo linahitaji zana nzito zaidi.

16. Nimejaza safu kwa thamani kubwa sana mwanzoni badala ya kuongeza mwishoni. Kuna ubaya?

Kwenye C++ ni mtindo wa kawaida: unajaza safu kwa `INT_MAX`, unaandika kwa `lower_bound`, kisha unahesabu zilizobadilika. Inakwenda vizuri mpaka orodha yenyewe iwe na 2147483647. Namba hiyo itaandikwa juu ya kijazio kinachofanana nayo, na mwishoni haitahesabiwa. Jibu linaweza kupungua kwa moja. Hifadhi urefu kwenye kigeu chake, au ongeza mwishoni kama kwenye swali la 8.

17. Msimbo ni uleule, lakini kwa data yangu jibu ni dogo mno. Niangalie nini?

Angalia aina ya data kabla ya kuangalia algoriti. Ukisoma faili na kusahau kugeuza maandishi kuwa namba, ulinganishaji unakuwa wa herufi kwa herufi, na "10" inakuwa ndogo kuliko "9". Orodha "9", "10", "11" itatoa 2 badala ya 3, bila onyo lolote.

Mshukiwa wa pili ni NaN, ile thamani ya kipimo kilichokosekana. Kila ulinganishaji wa "ndogo kuliko" na NaN ni uongo. Chukua orodha 1, NaN, 2, 3. NaN inakaa nafasi ya kwanza na kuifuta 1. Kisha 2 inaifuta NaN. Mwishoni unapata [2, 3], urefu wa 2, wakati 1, 2, 3 ipo. Ziondoe kabla ya kuanza.

18. Kuna njia ya haraka zaidi ya n log n?

Kwa kutegemea kulinganisha namba mbili mbili tu, hapana. Michael Fredman alionyesha mwaka 1975 kwamba idadi ya ulinganishaji haiwezi kushuka chini ya kiwango cha n log n. Namba zikiwa nzima na za kati ya 1 na n, kuna miundo inayofika n log log n, lakini kwa ukubwa wa kawaida `bisect_left` ya Python, iliyoandikwa kwa C, ni vigumu kuipiku.

19. Nitajuaje kwamba msimbo wangu ni sahihi?

Andika na ile njia ya vitanzi viwili ya swali la 3, kisha ulinganishe majibu kwenye maelfu ya orodha fupi zilizotengenezwa kwa bahati nasibu. Urefu uwe kama nane, na namba ziwe kati ya 0 na 5 ili zijirudie. Ukichagua namba kati ya 0 na milioni, hazitajirudia karibu kamwe, na kosa la swali la 12 litapita bila kuonekana. Kwa mfuatano wenyewe usilinganishe majibu mawili, kwa sababu yote yanaweza kuwa sahihi na tofauti. Hakiki kwamba unapanda, kwamba urefu ni ule, na kwamba unapatikana kwenye orodha kwa mpangilio wake.

Kwa orodha ndefu ambazo vitanzi viwili havizimudu, kuna kipimo kinachotokana na matokeo ya Erdős na Szekeres ya mwaka 1935: namba zote zikiwa tofauti, urefu wa mrefu zaidi unaopanda ukizidishwa na wa mrefu zaidi unaoshuka haupungui idadi ya namba. Kwa orodha yetu ya namba tisa, unaopanda ni 4 na unaoshuka (9, 5, 3, 1) ni 4, na 16 imepita 9. Zao likiwa chini ya idadi, mojawapo ya majibu yako mawili ni dogo kuliko inavyopasa. Likiwa juu, bado hujathibitisha lolote.